Thamneli nzuri iko pale mkono unapotulia

Video yangu ya kuziba pancha ya baiskeli niliiwekea thamneli, yaani picha ya jalada, ya uso wangu nikicheka. Kwenye kompyuta ilipendeza. Kwenye simu uso ulikuwa punje tu, mdomo wazi katikati ya neno, na hakuna ambaye angejua kama naongelea baiskeli au mapishi.

Nikarudi kwenye video kutafuta tukio badala ya sura. Lilikuwa dakika ya 4, sekunde ya 11: nachomoa msumari kwenye tairi na kuuinua mbele ya kamera. Lakini kila niliposimamisha, msumari ulionekana kama moshi. Nilirekodi fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ilipokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Mkono unaokwenda husogea ndani ya muda huo na kuacha mkia. Mkia huo hauondoki kwa kuongeza ukali wa picha; unazidi tu kuchafua kingo. Dawa ni kutafuta mwisho wa mwendo, mkono umefika juu na haujaanza kurudi.

Siku hizi sipigi skrinshoti, maana hunasa ukubwa wa skrini, wakati mwingine na vitufe vya pleya juu yake. Natoa fremu kwa programu ya ffmpeg kwenye faili la kamera lenyewe, si nakala iliyopita WhatsApp ikabanwa:

```
ffmpeg -ss 00:04:11 -i video.mp4 -t 2 fremu_%03d.png
```

Sekunde mbili zilinipa picha 50. Nilizipitia moja moja, na ya 31 ilikuwa safi hadi kutu ya msumari ikaonekana.

Kisha nikaikata. Video ilikuwa 1920 kwa 1080, thamneli naitaka 1280 kwa 720, kwa hiyo naweza kubakiza theluthi mbili ya upana bila kuitanua picha. Ukikata zaidi ya hapo, ulaini unaanza kujitokeza. Msumari niliuweka kushoto juu, kwa sababu YouTube huandika muda wa video kwenye kona ya chini kulia.

Kazi kubwa ilikuwa mwanga. Msumari wa kijivu mbele ya tairi jeusi ulimezwa. Kuongeza mwangaza wa picha nzima hakukusaidia, maana tairi nalo lilipauka. Nikachagua vidole na msumari peke yake na kuving'arisha kidogo, kisha nikapunguza rangi ya ndoo nyekundu iliyokuwa nyuma. Ile ndoo ilikuwa inaiba macho kuliko kitu kingine chochote, na wakati wa kurekodi hata sikuiona!

Mwisho nikaipunguza hadi pikseli 160 kwa upana na kuitazama kwa mbali. Msumari ulionekana. Maneno matano niliyokuwa nimeandika hayakusomeka, nikayafuta yote likabaki moja: PANCHA.