Kipeperushi cha kuhara kutoka Dhaka kwenda Kolkata

*"Kipeperushi chetu cha kuhara kimeandikwa kwa Kibengali cha Dhaka. Kwa Kolkata, nibadilishe neno la maji, 'pani', liwe 'jol' tu?"*

Badilisha, na 'lobon', yaani chumvi, iwe 'nun', ila hayo hayatamdhuru mtu, wanaelewana. Kinachonitia wasiwasi ni 'khabar salain'. Bangladesh hilo ndilo jina la ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji. Kolkata ukitaja 'salain' wengi wanawaza dripu, na mama anaweza kungoja hospitali wakati pakiti anayo mkononi. Andika ORS, kama pakiti inavyosomeka.

Halafu kipimo. Pakiti iliyozoeleka Bangladesh ni ya nusu lita, ya kawaida India ni ya lita moja. Ukiacha 'nusu lita', chumvi inakuwa maradufu, na kwa mtoto hiyo ni hatari. Soma pakiti itakayogawiwa huko.

— *Pani si ya Waislamu na jol ya Wahindu? Mpaka unahusikaje?*

Nusu ni kweli. Waislamu wengi wa Murshidabad, upande wa India, husema pani nyumbani, lakini shuleni wamesoma jol. Kwa wilaya ile ningewauliza kwanza wahudumu wa afya wa vijijini.