Kamata usomaji wa mita unaotia shaka kabla haujaingia kwenye ripoti

Nimekuwa nikiandaa ripoti za matumizi ya maji kila mwezi, na jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeanza kazi hii ni kwamba mita moja iliyosomwa vibaya huharibu ripoti mbili: ya mwezi huu na ya mwezi ujao.

Chukua mita ambayo kila baada ya siku 30 hutumia hivi, kwa mita za ujazo: 18, 21, 19, 22, 20, 19. Usomaji wa mwisho ulikuwa 4127. Mwezi huu msoma mita ameandika 4417, kwa hiyo matumizi yanatoka 290. Kwa macho unaona wazi kuna tatizo, lakini ukiwa na mita elfu kadhaa huwezi kuangalia mojamoja. Lazima kanuni ikufanyie kazi hiyo, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kanuni inayozoeleka ni kutafuta wastani na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, kisha kutilia shaka chochote kilichozidi mikengeuko mitatu kutoka kwenye wastani. Ijaribu kwa namba zetu saba. Wastani unapanda hadi 58.4, mkengeuko unafika karibu 102, na ile 290 inakuwa umbali wa mikengeuko 2.27 tu. Inapita! Hata ungeandika milioni moja ingepita, kwa sababu namba mbovu yenyewe ndiyo inayovuta wastani na kupanua mkengeuko. Ukiwa na namba saba, hakuna hata moja inayoweza kuzidi 2.27. Unahitaji angalau namba 11 ndipo mpaka wa tatu uanze kuwa na maana.

Ndiyo maana natumia namba ya katikati, yaani mediani. Panga zile namba saba kuanzia ndogo: ya katikati ni 20. Kisha pima kila moja iko mbali kiasi gani na 20, upange tena umbali huo, uchukue wa katikati. Hapa unapata 1. Kwenye Eksel, namba zikiwa B2 hadi H2:

```
=MEDIAN(ABS(B2:H2-MEDIAN(B2:H2)))
```

Kwenye matoleo ya zamani bonyeza Ctrl+Shift+Enter badala ya Enter pekee.

Mimi huweka mpaka wa mara tano ya umbali huo, au asilimia 30 ya mediani, kutegemea upi ni mkubwa. Usiiache ile asilimia: mita yenye matumizi tulivu hutoa umbali wa 0, na bila kiwango cha chini hata ongezeko la yuniti moja litakupigia kengele. Kwa mita yetu mpaka ni 6, kwa hiyo chochote nje ya 14 hadi 26 kinasimamishwa kwanza.

Kabla ya hesabu yoyote gawa matumizi kwa idadi ya siku kati ya usomaji na usomaji. Mzunguko wa siku 37 ukilinganishwa na wa siku 28 utakuletea shaka nyingi za bure. Na ikiwa mita nyingi za eneo moja zimepanda pamoja, hilo huenda ni suala la msimu. Usianze kulaumu mita.

Sasa rudi kwenye 4417. Badilishana tarakimu mbili za katikati: 4147. Matumizi yanakuwa 20, palepale tulipotarajia. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni 270, ambayo inagawanyika kwa 9, na ndivyo ilivyo kila mara tarakimu mbili zinapopishana. Dalili hiyo ni nzuri lakini haitoshi kama ushahidi. Bomba linalovuja nalo huleta matumizi makubwa, kwa hiyo omba mita isomwe upya, na picha ya uso wa mita iambatane.

Majibu yasipowahi ripoti, weka makadirio: mediani ya kwa siku mara idadi ya siku, na alama inayoonyesha wazi kuwa ni makadirio. Usifute mstari. Usomaji sahihi ukifika, rekebisha usomaji wenyewe, usichezee matumizi. Ukiacha 4417 ibaki kwenye kumbukumbu, mwezi ujao mita itasoma 4166 na matumizi yatakuwa hasi 251.

Kuwa mwangalifu hasa na mfumo unaogeuza hasi kuwa sifuri. Miezi hiyo miwili itaonyesha 290 na 0, wakati ukweli ni 20 na 19, na zile 251 za ziada zitakaa kwenye jumla ya mwaka bila kitu cha kuzifuta. Hasi pekee ninayoikubali bila kurudia usomaji ni ya mita iliyomaliza tarakimu zake: mita ya tarakimu tano iliyotoka 99987 ikafika 00012 imetumia 25. Kama usomaji uliopita haukuwa karibu na 99999, uliza kwanza kama mita ilibadilishwa.