Kuomba Ruhusa ya Idd-ul-Azha Kabla Mwezi Haujaandama

Kati ya Idd mbili, inayoleta mvutano kazini ni Idd-ul-Azha. Idd-ul-Fitr imo katika orodha ya sikukuu za Wakenya wote, kwa hiyo hata meneja asiyefunga Ramadhani huiacha wazi kwenye ratiba ya zamu. Idd-ul-Azha imewekwa kando: Sheria ya Sikukuu za Umma inaitambua kuwa sikukuu ya Waislamu, kama inavyoitambua Diwali kwa Wahindu. Mara nyingi serikali huitangaza iwe ya watu wote kupitia gazeti rasmi, lakini tangazo linaweza kutoka zimebaki siku chache tu, na kufikia hapo zamu za hospitali, ghala au duka kubwa zimeshapangwa. Anayelingoja gazeti huenda akaswalia Idd kwenye stoo.

Shida ya pili ni tarehe. Meneja Mkristo amezoea Krismasi isiyohama, akisikia "itategemea mwezi" hudhani anazungushwa. Hapa yafaa umweleze jambo ambalo wengi wetu tunasahau kulisema: Idd-ul-Azha ni mwezi kumi Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi ukiandama, siku yenyewe inajulikana zaidi ya wiki moja kabla. Idd-ul-Fitr ndiyo inayojulikana usiku wa kuamkia. Ukimweleza hivyo, ombi linaonekana kuwa na mpango.

Tuchukue mwaka 2026. Kalenda nyingi zinaitarajia Idd-ul-Azha Jumatano 27 Mei. Mwezi unatazamwa Jumapili 17 Mei jioni. Ukionekana, Jumatatu 18 Mei ni mwezi mosi na Idd ni Jumatano 27. Usipoonekana, mwezi mosi ni Jumanne 19 na Idd ni Alhamisi 28. Hakuna siku ya tatu, kwa kuwa mwezi wa Kiislamu hauzidi siku 30. Kwa hiyo unachoomba ni siku moja kati ya mbili, na Jumatatu asubuhi ya 18 Mei unaweza kusema ni ipi.

Sasa mfikirie karani wa ghala kando ya Barabara ya Mombasa, idara ya watu sita, ratiba ya zamu ikibandikwa wiki mbili kabla. Ratiba itakayobeba Idd itatoka karibu na tarehe 11 Mei, yaani kabla mwezi haujatazamwa. Hapo ndipo maombi mengi huharibika: mtu husubiri Kadhi Mkuu atangaze, kisha anakuja na fomu Jumatatu ya 18, na jina lake tayari limo. Meneja sasa hapewi ombi la likizo, anapewa kazi ya kuvunja ratiba ya watu wengine watano. Peleka ombi mwishoni mwa Aprili, uthibitishe tarehe 18 Mei.

Barua yenyewe iwe fupi, na itumwe kwa barua pepe hata kama mmeshazungumza, maana ruhusa ya mdomo husahaulika meneja akihamishwa. Mfano:

"Naomba kutokuwa kazini siku ya Idd-ul-Azha, inayotarajiwa Jumatano 27 Mei 2026, au Alhamisi 28 Mei ikiwa mwezi hautaonekana tarehe 17 Mei. Nitathibitisha siku yenyewe kabla ya saa nne asubuhi, Jumatatu 18 Mei. Siku ambayo haitakuwa Idd nitakuwa kazini kama kawaida. Naomba siku ya Idd iandikwe kuwa sikukuu. Mwenzangu wa zamu amekubali kunishikia, nami nitamshikia Jumatatu 1 Juni."

Sentensi ya siku nyingine kuwa kazini ina uzito kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, meneja anahesabu kuwa umeomba siku mbili, na anakataa zote.

Kuhusu kushikiana zamu, ahadi inayotolewa sana ni "nishikie Idd, nitakushikia Krismasi." Ina nia njema ila haifai kuitegemea. Kutoka Mei hadi Desemba ni miezi saba. Mmoja anaweza kuacha kazi, au kuhamishiwa tawi la Thika, na aliyekushikia abaki na deni lisilolipwa. Hapo ndipo maneno ya chini kwa chini kuhusu "watu wa dini fulani" huanzia. Tafuta siku ya karibu. Mwaka 2026 Madaraka inaangukia Jumatatu, siku chache tu baada ya Idd. Mwenzako anayetaka kwenda ushago kuanzia Jumamosi ana haja kubwa na Jumatatu hiyo kuliko Jumatano ya katikati ya wiki, nawe huna haja nayo. Kila mmoja anapata siku anayoihitaji kweli. Kubalianeni mapema pia kuhusu pesa: Madaraka ni sikukuu ya wote, na kazi ya sikukuu kwa kawaida ina malipo ya ziada. Anayefanya kazi ndiye anayelipwa, na ni vizuri mwenzako alijue hilo kabla hajaziona hesabu za mwisho wa mwezi.

Halafu kuna salio la likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 aliyotumikia. Siku ya sikukuu yako si siku ya kazi kwako, kwa hiyo haipaswi kukatwa kwenye hizo 21. Lakini mitambo mingi ya maombi ya likizo haina nafasi ya sikukuu za dini moja, na fomu hujaza "likizo ya mwaka" bila kuuliza. Angalia salio lako kabla ya kuomba na uliangalie tena baada ya Idd. Likiwa limepungua, iandikie ofisi ya rasilimali watu mwezi huohuo, ukiambatanisha barua yako ya kwanza. Fanya hivyo pia serikali ikiitangaza sikukuu ya wote baada ya likizo yako kuidhinishwa. Siku ya pili ya Idd ni jambo jingine. Hiyo ni likizo yako halisi na ikatwe.

Mkiwa Waislamu wawili katika idara moja, zungumzeni kwanza. Nairobi kuna wanaofuata mwezi ulioonekana hapa na wanaofuata Makka, na mmoja wenu anaweza kuswali siku moja kabla ya mwingine. Meneja akipokea tarehe mbili za Idd moja bila maelezo atashuku mmoja anadanganya. Mwelezeni pamoja, tena mumwonyeshe faida yake: kila siku mmoja wenu atakuwa kazini.

Ombi likikataliwa, usikimbilie Katiba siku hiyohiyo, ingawa Kifungu cha 32 kinakulinda usinyimwe haki yoyote kwa sababu ya dini yako. Kwanza omba sababu kwa maandishi. Ikiwa sababu ni uhaba wa watu, omba kuingia saa sita mchana. Sala ya Idd huswaliwa asubuhi baada ya jua kuchomoza, iwe kwenye uwanja wa Sir Ali Muslim Club au msikiti wa mtaani, na kuchinja kunaweza kufuata hapo au kungojea siku tatu zinazofuata. Nusu siku ni vigumu kuinyima. Ikiwa sababu iliyoandikwa ni kwamba kampuni "haitambui sikukuu za dini," au wenzako wa dini nyingine hupewa ruhusa za namna hiyo bila shida, hapo peleka barua zote mbili kwa rasilimali watu au kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kabla ya Idd yenyewe kufika.