Paipu kugonga usiku na hosi kupasuka: jengo la ghorofa 16

*"Nina jengo la ghorofa 16 hapa Nakuru, tangi liko juu ya paa. Wapangaji wa chini wanapasukiwa na hosi za sinki kila mara, na usiku paipu zinagonga kama mtu anapiga nyundo ukutani. Fundi aliweka valvu ya kupunguza presha pale juu maji yanapotoka kwenye tangi, lakini hakuna kilichobadilika. Ninunue valvu kubwa zaidi?"*

Ndugu, usinunue kitu bado. Hayo ni magonjwa mawili, na valvu uliyowekewa haigusi hata moja.

Anza na kugonga. Usiku mmoja kaa karibu na pampu. Mshindo ukija pale pampu inapozima, tangi likiwa limejaa, basi shida iko kwenye paipu inayopandisha maji, wala si ile inayoyashusha kwa wapangaji. Nilipambana na jengo kama lako Kisumu, na mwenyewe alikuwa amebomoa kuta za vyoo viwili akitafuta kelele ambayo chanzo chake kilikuwa chumba cha pampu.

Pampu ikizima, maji yaliyokuwa yakipanda hupunguza mwendo, husimama, kisha huanza kurudi chini. Valvu ya kuzuia maji kurudi ikiwa ya mlango unaobembea, mlango huo huchelewa: hujifunga maji yakiwa tayari yameshika kasi ya kurudi, na kuyasimamisha ghafla. Kule Kisumu nilifunga juu ya valvu hiyo geji yenye mshale wa pili unaobaki pale presha ilipofika juu kabisa. Pampu ikiwa imezima na maji yametulia, ilisoma baa 5.3. Baada ya mshindo, ule mshale ulibaki kwenye 12. Kiasi cha mruko huo ni

```
ΔP = ρ × a × Δv
1000 × 1350 × 0.5 = 675,000 Pa = baa 6.75
```

Hiyo 1000 ni kilo za maji kwa mita ya ujazo, 1350 ni kasi ya wimbi la presha, mita kwa sekunde, ndani ya paipu ya chuma ya inchi 2, na 0.5 ni mwendo wa maji uliosimamishwa. Kumbe maji yalikuwa yakirudi kwa nusu mita tu kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetembea polepole, na tayari presha imepita mara mbili. Tena geji ya kawaida ni nzito kufuata wimbi linalokwenda juu na kurudi kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo huenda kilele halisi kilikuwa juu ya hapo.

Tuliitoa valvu ile tukaweka ya springi, ambayo kifuniko chake husogea kidogo tu na hufunga kabla maji hayajapata kasi ya kurudi. Mshale ukaishia karibu na 7. Watu watakushauri uweke kifaa cha umeme cha kuzima pampu polepole. Ni kizuri, lakini stima ikikatika pampu husimama papo hapo, na kifaa hicho hakina la kufanya. Valvu ya springi haihitaji stima.

Sasa hosi. Valvu ya presha huangalia presha iliyo mbele yake tu, pale ilipofungwa. Pale tangini ina mita 4 hivi za maji juu yake, yaani baa 0.4. Ukiiseti 3, itakaa wazi mchana na usiku, na huku chini wapangaji wanapata presha yote. Kila mita 10 za kushuka huongeza karibu baa 1. Kwa ghorofa za mita 3, bomba la ghorofa ya chini liko mita 51 hivi chini ya maji ya tangi: baa 5.

Gawa jengo mara mbili. Ghorofa ya 8 kwenda juu zipate maji moja kwa moja. Ya 8 yenyewe itakuwa na 2.7. Valvu ishushwe hadi usawa wa ghorofa ya 7, ambako inapokea baa 3, na uiseti 1.5. Ghorofa ya 7 itapata 1.5, na ya chini kabisa 3.6. Itangulize chujio, maana mchanga wa tangi ndio unaoiua.

Mchanga ukikwama kwenye kiti cha valvu, pale raba yake inapokalia ikifunga, mchana hutaona kitu kwa sababu maji yanatumika. Usiku mabomba yakifungwa, presha hupenya polepole hadi ilingane na ya juu, na hosi hupasuka saa nane watu wamelala. Kwa hiyo funga geji mara tu baada ya valvu na uisome alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Ukiikuta imetoka 1.5 na kukaribia 3, ifungue uisafishe kiti na raba yake.