Shajara iliyosomwa kwa siri: jinsi ya kujenga mfano kinzani usiovuja

Insha yangu ya kwanza ya falsafa ya maadili ilirudi ikiwa na mstari mwekundu chini ya aya niliyoipenda kuliko zote. Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Mbona ameumia?" Ilinichukua siku mbili kumwelewa.

Kanuni niliyokuwa naipima ilisema hivi: kitendo ni kosa pale tu kinapomdhuru mtu mwingine. Ili kuiangusha nikaleta mfano kinzani, yaani kisa kinachoonyesha kwamba kanuni haishiki. Mtu anaisoma shajara ya mwenzake bila ruhusa, mwenye shajara anagundua, analia usiku kucha, na urafiki wao unakufa. Nikaandika kwa majivuno kwamba kanuni imevunjika. Kumbe nilikuwa nimeiongezea nguvu. Kanuni inadai kwamba palipo na kosa pana madhara, nami nikaleta kosa lenye madhara tele.

Kwa hiyo kabla ya kutunga kisa chochote, tazama kanuni inaelekea upande gani. Ingekuwa inasema "kila kitendo kinachodhuru ni kosa", ningehitaji madhara yasiyo na kosa, kwa mfano mtu aliyekushinda kwa haki kwenye usaili wa kazi uliyoitegemea. Lakini yangu ilisema "pale tu", kwa hiyo nilihitaji kosa lisilo na madhara. Neno "tu" ndilo linalogeuza kila kitu, na wengi wetu tunalipita mbio.

Nikakitunga kisa upya. Mtu anaisoma shajara ya mwenzake, anairudisha palepale, hamwambii yeyote, habadilishi hata kidogo namna anavyomtendea mwenzake, na mwenye shajara hajui kamwe mpaka anakufa. Kila kipande hapo kinaziba tundu. Ukiacha nafasi ya kugundulika, mpinzani wako atasema kosa linatokana na hatari ya kugundulika. Ukiacha msomaji abadilike, atasema urafiki umeharibika kimyakimya. Wengine hulalamika kwamba kisa kama hiki hakitokei duniani. Si hoja. Kanuni imedai kuhusu vitendo vyote, hivyo inatosha kisa kiwezekane na kieleweke.

Kosa la pili nililokaribia kulifanya lilikuwa la kunogesha hadithi. Katika rasimu moja msomaji wa shajara alikuwa mtu mwenye husuda anayechekelea siri za wenzake. Hapo msomaji wa insha atamchukia mtu, wala hutajua kama anakilaani kitendo au tabia. Dawa yake ni kuweka visa viwili sambamba, vinavyotofautiana kwa jambo moja tu. Katika kimoja ruhusa ipo, katika kingine haipo, na mengine yote yanafanana, nia ya udadisi tu ikiwemo. Hukumu yako ikibadilika kati ya viwili hivyo, umejua kinachoibadilisha ni ruhusa.

Sasa usikimbilie kuandika "kwa hiyo kanuni ni potofu". Hapa ndipo insha inapoanza kuwa insha. Mtetezi wa kanuni ana njia tatu. Anaweza kukataa hukumu na kusema kwamba kusoma shajara kwa namna hiyo si kosa kabisa, ni jambo linalotukera tu kwa mazoea. Anaweza kuirekebisha kanuni: kitendo ni kosa pale tu kinapodhuru au kinapovunja haki ya mtu. Au anaweza kupanua maana ya "madhara", adai kwamba kuingiliwa faragha ni madhara hata usipojua. Njia hii ya tatu ndiyo inayonasa wanafunzi wengi, na ina mtego. Mwulize: je, anaweza kutuambia nini ni madhara bila kutaja kwanza nini ni kosa? Akishindwa, kanuni yake imebaki kusema kwamba kosa ni kosa. Haiwezi kupingwa tena, lakini haitufundishi kitu.

Jambo moja la pembeni, maana nalikuta mara kwa mara: kisa hiki hakimwangushi mwanafalsafa John Stuart Mill, anayejulikana kwa kanuni ya madhara inayofanana na hii. Alichotetea mwaka 1859 kilihusu lini jamii ina haki ya kumlazimisha mtu, si nini kinakifanya kitendo kuwa kosa. Ukimtaja, hakikisha unapima kanuni yake, si jirani yake.

Katika toleo la pili, kisa kilichukua sentensi nne, na sehemu kubwa ya insha ikawa majibu ya mtetezi. Nilimalizia kwa kuikubali kanuni iliyorekebishwa, ile ya haki. Insha ikarudi, safari hii bila mstari mwekundu, ila pembeni ya aya ya mwisho palikuwa na swali: "Na kama mwenye shajara alishakufa kabla haijasomwa?"