Insha ya magenge ya vijana: anza na ndugu wawili, nadharia zifuate

Kila mwaka wadogo zangu wanaosoma sosholojia hapa Mtwara huniletea swali lilelile: linganisha nadharia ya maingiliano tofauti na nadharia za utamaduni tanzu katika kueleza kwa nini vijana wa mjini hujiunga na magenge. Mimi nililijibu chuoni kwa jedwali, ubora safu hii, udhaifu safu ile. Mwalimu alinipa alama ndogo na kuandika neno moja pembeni: "Mfano?"

Alikuwa sahihi. Nadharia hizi hazionyeshi zinapoachana mpaka uzipe mtu wa kumweleza. Kwa hiyo nawasimulia ndugu wawili wa tumbo moja, wa mtaa wa Chikongola, niliokua nao. Wote walipata sifuri kidato cha nne, wakipishana miaka miwili. Mkubwa alikwenda kubeba magunia ya korosho ghalani, baadaye akapata bodaboda. Mdogo aliingia kwenye kijiwe kilichogeuka genge. Usiku mmoja walivunja vioo vya madarasa ya shule waliyosoma, na hawakuchukua hata kiti. Baadaye wakaanza kupora simu.

Anza na vioo. Albert Cohen, mtu wa nadharia za utamaduni tanzu, katika kitabu chake cha mwaka 1955, alijiuliza mbona uharibifu mwingi wa magenge hauna faida yoyote. Jibu lake ni heshima. Shule humpima kijana wa tabaka la chini kwa kipimo cha tabaka la kati: lugha, nidhamu, subira, mitihani. Anayeshindwa huumia, na wakikutana wengi wenye maumivu hayo huunda kipimo chao, ambacho hugeuza kile cha shule juu chini. Kinacholaaniwa darasani kinasifiwa kijiweni. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kuandika kwamba Cohen anasema umaskini huleta wizi. Njaa ingewafanya wabebe viti wakauze; kioo kilichovunjwa hakiuziki.

Lakini tazama tatizo: kaka naye alipata sifuri, kwa kipimo kilekile. Cohen anatueleza kwa nini kijiwe kilizaliwa, ila hatuambii vya kutosha kwa nini huyu aliingia na yule hakuingia.

Hapo ndipo mwite Edwin Sutherland. Nadharia yake ya maingiliano tofauti, aliyoikamilisha mwaka 1947 kwa hoja 9, inasema uhalifu hufunzwa ndani ya makundi ya watu wa karibu. Kinachofunzwa ni mbinu, na pia fasili, yaani namna ya kulitazama tendo. Mtu huvunja sheria pale fasili zinazoruhusu kuivunja zinapozidi zile zinazokataza. Maingiliano hupimwa kwa mambo manne: ni ya mara ngapi, ya muda gani, yalianza mapema kiasi gani, na mtu anamthamini vipi anayemfundisha. Mdogo alianza kulala kwa binamu yao, kiongozi wa kijiwe, akiwa na miaka 13, na alimpenda kuliko baba yake. Miaka hiyo kaka alikuwa kwa babu, Newala. Nyumba moja, lakini masikio yao hayakusikia maneno yaleyale.

Kwa hiyo, wadogo zangu, msiandike kwamba Sutherland anasema rafiki mbaya huharibu. Askari hushinda na wahalifu kutwa na hawi mhalifu. Na mzazi mwaminifu anayenunua simu ya wizi akisema "ya bei nafuu, usiulize" anamfundisha mwanawe fasili bila kuiba chochote. Udhaifu halisi wa Sutherland ni kwamba fasili hizo hazihesabiki kirahisi, na hasemi vya kutosha genge la kwanza lilijifunza kwa nani.

Naomba pia msiwafanye maadui. Cohen alisoma kwa Sutherland huko Indiana. Swali la mwanafunzi linaanzia pale mwalimu alipoishia: hizo fasili zenyewe zimetoka wapi?

Kisha angalia mfuatano wa matukio, maana hapo ushahidi hupatikana. Nilimuuliza mdogo, sasa mtu mzima, kipi kilitangulia. Alisema kuichukia shule kulianza darasa la sita, baada ya kuchapwa kwa kushindwa kusoma mbele ya wenzake. Lakini hakuwahi kuiba kabla ya kijiwe. Utafiti wa vijana wa Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha jambo linalofanana: makosa yalipanda kijana akiwa ndani ya genge na kushuka alipotoka. Hilo linampa nguvu Sutherland kuhusu wizi, huku chuki ya shule ikibaki kwa Cohen.

Jambo moja ningeliongeza leo katika insha yangu. Cohen anaandika kama vile kijana ana kipimo kimoja kikubwa cha heshima, yaani shule. Kaka, kule Newala, alitiwa jandoni pamoja na rika lake, akarudi akiitwa mwanamume na wazee wanaomjua kwa jina. Sifuri ilipokuja, ilimkuta tayari ana mahali pa kusimama. Mdogo alitahiriwa hospitali, akarudi nyumbani mchana uleule.