Wastani ulishuka, hasara ikakua

Nina duka la khanga Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na faida kidogo inayobaki naiweka kwenye hisa zinazouzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kuna kosa moja lililonichukulia zaidi ya shilingi milioni mbili, na nalieleza hapa kwa sababu unapolifanya unajiona una busara kabisa. Ni lile la kuongeza hisa inayoshuka ili kushusha wastani wa bei uliyonunulia.

Nilianza na hisa 2,000 za kampuni moja kwa shilingi 800, yaani milioni moja na laki sita. Niliipendea gawio lake. Bei ikashuka hadi 600, nami nikanunua 2,000 nyingine. Wastani wangu ukawa 700. Nilifurahi, maana kabla ya hapo nilihitaji bei ipande shilingi 200 nirudishe hela yangu, na sasa nilihitaji 100 tu. Ikashuka tena hadi 400. Safari hii nikanunua 4,000, kwa hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya mzigo wa dukani. Wastani ukawa 550.

Nilichokuwa nakitazama ni hiyo namba ya wastani, kutoka 800 hadi 700 hadi 550, kana kwamba ni kazi inayoendelea vizuri. Lakini wastani unashuka kwa hesabu tu, hata kampuni ikiwa inakufa. Kuna namba nyingine ambayo sikuiangalia: kila bei ilipopungua shilingi moja, mimi nilipoteza kiasi gani? Mwanzoni ilikuwa shilingi 2,000. Baada ya kuongeza mara ya kwanza ikawa 4,000. Baada ya mara ya pili ikawa 8,000. Kadiri habari zilivyozidi kuwa mbaya ndivyo nilivyozidi kujitwisha.

Bei ilipofika 280, mzigo wangu wote uliokuwa umenigharimu 4,400,000 ulikuwa na thamani ya 2,240,000. Hasara ya 2,160,000. Kama ningeziacha zile 2,000 za kwanza bila kuongeza chochote, hasara ingekuwa 1,040,000. Na kutoka 280 hadi wastani wangu wa 550, bei ilipaswa karibu kujirudia maradufu ili nitoke salama.

Kilichonipotosha ni kwamba huko nyuma njia hii ilikuwa imenifaa. Mara mbili hisa zilishuka, nikaongeza kidogo, zikapanda, nikauza kwa faida ndogo. Nikaamini nimepata mbinu. Ilinichukua muda kuona kasoro iliyomo, nayo ndiyo naomba uishike kuliko yote: hisa inayorudi, hurudi kabla hujaongeza sana. Isiyorudi ndiyo inayokupa nafasi ya kuongeza mara ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa hiyo ukifuata utaratibu huu kwa miaka, hela yako kidogo itakuwa kwenye kampuni nzuri, na hela yako nyingi itakuwa kwenye kampuni mbaya kuliko zote ulizowahi kuchagua. Unaweza kupatia mara tisa na hiyo ya kumi ikazibeba zote tisa.

Dukani sifanyi hivyo hata siku moja. Khanga ikitoka kwa kasi, naagiza robota jingine la jina lilelile na rangi ileile. Ikilala, naishusha bei iondoke, nafasi ya rafu ipatikane. Sijawahi kuongeza mzigo wa khanga iliyolala eti kwa kuwa mwenye ghala amenipunguzia.

Dalili zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni yenyewe: gawio lilisimama. Sababu yangu ya kununua ilikufa siku hiyo. Ya pili ilikuwa kwangu. Mwanzo nilisema nashika kwa ajili ya gawio, kisha nikasema nashika kwa sababu bei imekuwa rahisi, na mwisho nikawa nasema, nikirudisha hela yangu tu natoka. Sababu ya kushika hisa ikibadilika kila bei inaposhuka, hiyo si sababu tena. Soko halijui ulinunua kwa ngapi, wala halidaiwi nawe.

Nilipoamua kuuza nilimpigia dalali wangu, kijana mpole.

“Dada, una hisa 8,000,” akaniambia. “Wanunuzi waliopo leo kwa 280 wanataka hisa 600. Chini ya hapo yuko mmoja anataka 300.”

Soko letu ni jembamba kwa kampuni nyingi. Mtu mwenye hisa 2,000 hutoka kwa siku chache, lakini mwenye 8,000 huishusha bei kwa mkono wake mwenyewe. Nilitoka kidogo kidogo kwa wiki tano. Hilo la kupungukiwa na mlango wa kutokea nalo linaletwa na kuongeza.

Sasa naongeza kwenye inayopanda, nami nafanya hivi. Nilinunua hisa 1,000 za kampuni nyingine kwa shilingi 1,000, nikaandika kwenye daftari kabla ya kununua kwamba ikifika 900 natoka. Kwa hiyo nilikuwa nimehatarisha laki moja. Matokeo ya nusu mwaka yakatoka mazuri, bei ikafika 1,200. Hapo nikaongeza 500, nusu ya zile za kwanza, na bei ya kutokea nikaipandisha kutoka 900 hadi 1,100. Wastani wangu ukapanda hadi kama 1,067. Kupanda huko kunauma moyo, najua, lakini ona kilichotokea: kama bei ingegeuka na nikauza zote kwa 1,100, ningepata 1,650,000 kwa mtaji wa 1,600,000. Tukiweka ada kuwa asilimia 2 kununua na asilimia 2 kuuza, zinaondoka 65,000, nabaki na hasara ya 15,000 tu. Nina hisa nyingi zaidi, na ninachoweza kupoteza kimepungua.

Ukubwa wa nyongeza ni muhimu. Kama badala ya 500 ningeongeza 2,000 kwa 1,200, wastani ungeruka hadi 1,133, na kurudi hadi 1,100 kungenitia hasara ya laki moja kabla ya ada. Wanaoumizwa na hisa inayopanda mara nyingi ni hao wanaoweka mzigo mkubwa juu na mdogo chini.

Sijumlishi kila kununua wakati bei imeshuka. Anayeweka kiasi kilekile kila mwezi kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Umoja wa UTT AMIS anafanya jambo tofauti, kwa sababu hela yake imetawanywa kwenye vitu vingi, na kiasi alikipanga kabla bei haijamtisha. Mimi nilipanga baada ya kuumia, kwenye kampuni moja.

Na bei ya kutokea usiiamini bila kutazama ubao. Kabla ya kuongeza chochote siku hizi namuuliza dalali wanunuzi walioko karibu na bei yangu ya kutokea wanataka hisa ngapi. Wiki iliyopita nilitaka kuongeza 1,000. Akaniambia wanaosubiri chini wanataka hisa 400. Nikanunua 300.